UZI: UTI yenye ESBL, majibu ya kalcha yametoka na dawa tano zina S. Tunachagua ipi?

tabibu_kisiwani

Wakuu, naomba tusome pamoja majibu haya kabla mgonjwa hajarudi mchana. Ni mama wa miaka 62, uzito kilo 60, ana kisukari na anameza metifomini. Ana siku tano anakojoa kila baada ya muda mfupi, mkojo unachoma, na chini ya kitovu panamuuma. Jana nilipompima hakuwa na homa, hatapiki, na nikimgonga kiunoni usawa wa figo hasikii kitu. Kabla ya kufika kwetu alishachomwa seftriaksoni gramu 1 kwa siku tatu huko mtaani, dalili zikabaki vilevile. Ndipo tukachukua mkojo na kuupeleka hospitali ya mkoa ukaoteshwe. Karatasi imerudi hivi:

```
MSU: Escherichia coli >10^5 CFU/mL   ESBL: Positive
Ceftriaxone R      Ciprofloxacin R
Co-trimoxazole R   Gentamicin R
Amoxicillin-clavulanate S   Cefepime S
Nitrofurantoin S   Amikacin S   Meropenem S
```

Kreatinini ni mikromoli 124 kwa lita. S ziko tano. Nampa ipi, na hizo nyingine naziacha kwa sababu gani?

Dr_Mwamba

Mkuu, hapo hakuna mjadala. Ukishaona ESBL, penisilini na sefalosporini zote hazifai tena, kinachobaki ni meropenemu. Mlaze, gramu 1 kwenye mshipa kila saa 8 kwa siku 14. Hizo S nyingine usizitegemee, utampotezea mama wa watu muda kama alivyopotezewa kwa seftriaksoni.

mama_maabara

Daktari, kwa sefalosporini uko sahihi kabisa, lakini hilo la "S nyingine usizitegemee" naomba tulitenganishe, maana S hizo tano hazina uzito mmoja.

Tuanze na jinsi neno ESBL linavyofika kwenye karatasi. Kwenye sahani iliyopakwa bakteria wa mgonjwa tunaweka diski ya sefotaksimu mikrogramu 30, na mbali kidogo diski ya pili yenye sefotaksimu ileile iliyoongezwa klavulaneti mikrogramu 10. Kesho yake asubuhi tunapima kwa rula duara ambalo bakteria hawakuota. Diski ya kwanza ikitoa milimita 11 na ya pili ikatoa 23, hapo hakuna shaka. Kipimo kinahesabiwa chanya tofauti ikifika milimita 5. Maana yake ni kwamba bakteria anatengeneza kimeng'enya kinachokata sefotaksimu, na klavulaneti ikikifunga kimeng'enya hicho dawa inapata nguvu yake tena. Kuna maabara zinazoweka diski ya amoksilini-klavulaneti katikati na sefalosporini pembeni yake, na hapo duara la sefalosporini linavutika kuelekea katikati kama tundu la ufunguo. Ukiliona mara moja hulisahau.

Kimeng'enya hicho kinakata penisilini na sefalosporini. Nitrofurantoini na amikasini hazina umbo hilo, kwa hiyo hakizigusi hata kidogo. Jentamisini na septrini zimepata R kwa sababu nyingine: plasmidi inayobeba jeni ya ESBL mara nyingi hubeba na jeni za usugu wa dawa hizo, zinasafiri pamoja kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Sipro nayo kwa kawaida hushindwa kwa mabadiliko ndani ya jeni za bakteria mwenyewe. Kwa hiyo S ya nitrofurantoini hapo ni S ya kweli. Vivyo hivyo amikasini. Zenye mashaka ni ogumentini na sefepimu, nitazirudia baadaye.

Swali kwako tabibu: mkojo ulichukuliwaje, na ulikaa njiani muda gani?

tabibu_kisiwani

Mkojo wa katikati. Alijisafisha kwanza, akauacha wa mwanzo ukapita, akakinga kwenye kikopo tasa. Ulisafiri saa nne ndani ya kibaridi chenye barafu. Hana mpira wa mkojo.

mama_maabara

Vizuri. Mkojo ukikaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, bakteria wachache wa ngozi wanazaana hadi kufika laki moja, na wewe unapata karatasi inayotisha kwa mgonjwa asiye na tatizo. Kwenye baridi unadumu hadi saa 24. Tunachota kwa kitanzi cha mikrolita 1, kwa hiyo koloni 100 kwenye sahani ndiyo laki moja kwa mililita. Aina moja tu ya bakteria, kwa wingi huo, na mgonjwa mwenye dalili: majibu yako nayaamini. Zingeota aina tatu ningekuomba mkojo mwingine.

mfamasia_mwandamizi

Tabibu, kabla ya kuangalia S, jiulize ugonjwa uko kwenye kibofu au umepanda kwenye figo. Karatasi ya maabara haiwezi kukujibu hilo, wewe uliyemgusa mgonjwa ndiye unayejua. Kwa ulivyomweleza jana, huyu ni wa kibofu: anachomwa, anakwenda mara kwa mara, hana homa, kiuno hakiumi, hatetemeki.

Kwa kibofu, nitrofurantoini ndiyo chaguo la kwanza hata bakteria akiwa na ESBL. Inafyonzwa tumboni, damu inaipitisha upesi, na inajikusanya kwenye mkojo kwa wingi mkubwa kuliko unaohitajika kuua E. koli. Udhaifu wake ni huohuo: kwenye damu na kwenye nyama ya figo inafika kidogo mno. Ndiyo maana kidonge kilekile kinaponya kibofu na kumwacha wa figo akizidiwa.

Kwenye dozi watu wanakosea sana. Kuna kapsuli za kuachia dawa polepole, hizo ni miligramu 100 asubuhi na 100 jioni. Kuna vidonge vya kawaida, hivyo ni miligramu 50 mara nne kwa siku. Mtu akiandika "1x2" bila kujua kilichomo dukani ni kipi, mgonjwa wa vidonge vya kawaida anakaa saa nyingi bila dawa ya kutosha kwenye mkojo. Siku tano zinatosha. Ameze pamoja na chakula, kichefuchefu kinapungua na dawa inafyonzwa vizuri zaidi. Asichanganye na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu trisiliketi. Mwambie mapema kwamba mkojo utageuka kahawia, la sivyo ataacha dawa siku ya pili akidhani ni damu.

Daktari Mwamba, meropenemu ingemponya, sikatai. Lakini unamlaza mtu mwenye ugonjwa wa kibofu, unamtoboa mshipa mara tatu kwa siku, na unazoesha bakteria wa tumbo lake dawa ambayo nyuma yake hatuna kitu katika vituo vyetu. Siku bakteria huyohuyo akiingia kwenye damu akiwa ameshaizoea, tutampa nini?

figo_na_maji

Mfamasia, nakubali mantiki lakini umeruka kreatinini. Hebu tuhesabu:

```
(140 - 62) x 60 x 1.04 / 124 = 39 mL/min
```

Nitrofurantoini inahitaji figo ili ifike kwenye mkojo. Uchujaji ukishuka mambo mawili yanatokea kwa pamoja: mkojo unapata dawa kidogo, na damu inabaki na dawa nyingi. Waingereza wanaweka mpaka kwenye 45, Wamarekani kwenye maelezo ya dawa bado wameandika 60. Yuko chini ya yote mawili. Mimi ningempa amikasini dozi moja tu, miligramu 15 kwa kilo, yaani 900, kisha basi. Amikasini inakaa kwenye mkojo kwa siku kadhaa baada ya dozi moja.

mfamasia_mwandamizi

Waingereza haohao wanaruhusu kozi fupi ya siku 3 hadi 7 kati ya 30 na 44 iwapo bakteria ni sugu na dawa nyingine ni chache. Ndiyo hali aliyonayo mama huyu. Na wataalamu wa Marekani wa wazee wameshusha mpaka hadi 30 kwa kozi fupi. Kinachonitia wasiwasi si siku tano, ni mtu anayemezeshwa miezi. Kwa upande wa amikasini, unamchoma dawa inayoumiza figo mtu ambaye figo zake tayari zimechoka.

figo_na_maji

Dozi moja haijawahi kuwa tatizo langu, tatizo ni dozi saba. Tabibu, muulize kama miguu inakufa ganzi au inawaka moto usiku. Nitrofurantoini inaweza kuumiza neva, na kwa mwenye kisukari aliye na ganzi tayari na uchujaji wa 39, mimi simpi. Hapo sitabadilika.

mfamasia_mwandamizi

Kwa mwenye ganzi nakuunga mkono. Asiye na ganzi, nampa. Na kama hospitali ya mkoa wana fosfomaisini ya unga, tunatoka kwenye ubishi huu: gramu 3, pakiti moja, anakoroga kwenye nusu glasi ya maji, anakunywa usiku tumbo likiwa tupu baada ya kukojoa, na imeisha. Inafaa kwa sababu bakteria wake ni E. koli. Ingekuwa Klebsiela nisingeitaja, maana Klebsiela wengi wana jeni yao ya asili inayoiharibu fosfomaisini, hata kama diski imeonyesha S.

Bi_Sauda_wa_Tanga

Naomba na mimi nisaidiwe. Nina UTI sugu mwaka wa pili sasa. Nimepima mkojo mara tatu, zote wameandika ESBL na "usaha umo". Nimechomwa sindano siku saba mara mbili, nikirudia kipimo bado wamo. Siumwi popote, mkojo hauchomi, ila nikisoma huo mjadala wenu wa meropenemu naona labda ndiyo itakayonimaliza hao wadudu. Naipata wapi? Sina mimba, nina miaka 49.

mfamasia_mwandamizi

Dada Sauda, pole kwa kuchomwa bure. Nakuuliza moja tu: siku ulipopima mara ya kwanza, ulikuwa na dalili gani?

Bi_Sauda_wa_Tanga

Hakuna. Nilipima tu nilipokwenda kwa ajili ya presha, wakasema nina UTI.

mfamasia_mwandamizi

Basi sikiliza dada yangu. Bakteria kuwemo kwenye mkojo bila dalili hakutibiwi, hata wakiwa na ESBL, hata usaha ukionekana. Wapo wanawake wengi wa umri wako na zaidi wanaoishi nao bila madhara. Makundi mawili ndiyo tunayatibu bila dalili: mjamzito, na mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo utakaokwaruza ngozi ya ndani. Wewe huko popote kati ya hayo.

Bakteria hawa makazi yao ni utumbo. Hakuna sindano inayowasafisha huko wakaisha. Kila kozi inaua bakteria wema waliokuwa wanawabana, na hao sugu wanapata nafasi zaidi. Ukiacha kuwachokoza, kwa watu wengi wanapungua wenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Usirudie kipimo cha mkojo kama huumwi. Siku mkojo ukichoma, au ukipata homa na kiuno kuuma, hapo pima, na uwaonyeshe karatasi zako za zamani ili wasianze na seftriaksoni.

Bi_Sauda_wa_Tanga

Mume wangu hataamini. Ila nimeelewa, nitaziweka karatasi zote pamoja.

nyakwar_kisumu

Nimefuata huu uzi kimya. Mama wa maabara alisema atarudi kwa ogumentini. Huku kwetu daktari akiona S kwenye ogumentini na mgonjwa ni wa kibofu, anaandika hiyo, mgonjwa anaenda nyumbani. Kuna ubaya gani? Si klavulaneti ndiyo hiyo mmesema inafunga kimeng'enya?

mama_maabara

Swali zuri, na hapa hata wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Kwenye diski klavulaneti inafunga kimeng'enya, ni kweli. Lakini sahani yangu ina kiasi cha bakteria kilichopimwa, sawa kila siku. Kwa mgonjwa bakteria wanaweza kuwa wengi kuliko hapo mara nyingi, kimeng'enya kinakuwa kingi kuliko klavulaneti iliyopo, na dawa inakatwa kama kawaida. Isitoshe, bakteria wenye aina ya ESBL iliyoenea zaidi duniani, CTX-M-15, mara nyingi wana kimeng'enya cha pili kiitwacho OXA-1 ambacho klavulaneti haikifungi vizuri. Sahani inaweza kuonyesha S iliyo mpakani kabisa, milimita moja tu juu ya mstari, na mimi naandika S kwa sababu kanuni inasema hivyo. Ukinipigia simu kuniuliza kipenyo nitakwambia.

Sefepimu ndiyo nisingeigusa kabisa. Ni sefalosporini, kimeng'enya kinaikata, ila polepole kuliko seftriaksoni, kwa hiyo duara linaweza kuonekana zuri. Bakteria wakiwa wengi inashindwa.

mfamasia_mwandamizi

Niongeze kwa Kisumu. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya kuambukiza unasema ogumentini isitumike hata kwa kibofu iwapo kuna ESBL. Madaktari wengine, hasa Ulaya, bado wanaitumia kwa kibofu pekee ikiwa S. Mimi naiweka mwisho wa foleni: nitrofurantoini haiwezekani, fosfomaisini haipo, sindano hataki. Na namwambia mgonjwa arudi siku ya tatu kama mkojo bado unachoma. Aliyeshaanza nayo kabla ya majibu na sasa amepona, simbadilishii.

Kwa ugonjwa mkubwa mchanganyiko wa aina hii naukataa kabisa. Utafiti wa MERINO uliochapishwa 2018 ulichukua wagonjwa wenye E. koli au Klebsiela sugu kwa seftriaksoni ndani ya damu, wakapewa pip-tazo au meropenemu. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 12.3 ya waliopewa pip-tazo, na asilimia 3.7 ya waliopewa meropenemu. Na bakteria wa wagonjwa wote hao maabara ilikuwa imeandika S kwa pip-tazo.

tabibu_kisiwani

Wakuu, mambo yamebadilika. Mama amefika sasa hivi. Homa 38.7, alitetemeka usiku, kiuno cha kushoto kinamuuma nikimgonga anaruka, ametapika mara moja. Presha 124/76, mapigo 108, anajua alipo na anajibu vizuri. Na ndiyo, miguu inamuwaka usiku tangu mwaka jana. Nitrofurantoini bado haijaanza.

figo_na_maji

Basi hiyo hoja ya nitrofurantoini imekwisha kwa mama huyu, na fosfomaisini vilevile. Huyu sasa ni wa figo, anahitaji dawa inayofika kwenye nyama ya figo na kwenye damu. Kwa karatasi yake imebaki karbapenemu, au amikasini kwa siku kadhaa. Kama sipro au septrini ingekuwa S tungezitumia hata kwa figo, tena kwa vidonge, ESBL haizizuii. Bahati mbaya zote ni R. Amikasini ya siku saba kwa uchujaji wa 39, bila kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu, siiungi mkono. Ila kama karbapenemu iko mbali, mchome dozi moja ya miligramu 900 sasa hivi kisha msafirishe. Usimwache aondoke bila kitu.

Simamisha metifomini hadi awe mzima na kreatinini irudiwe.

mfamasia_mwandamizi

Una ertapenemu hapo, au ni meropenemu?

tabibu_kisiwani

Ertapenemu chupa nane za gramu 1, zililetwa kwa mgonjwa mwingine akahamishwa. Meropenemu hamna. Ila kwenye karatasi ertapenemu haikupimwa.

mama_maabara

Kwa kawaida bakteria wa ESBL anayekubali meropenemu anakubali na ertapenemu, lakini wapo wanaopishana, na ertapenemu ndiyo inayoshindwa kwanza. Sahani yake wenzangu bado wameitunza, nawapigia waweke diski ya ertapenemu leo, kesho mchana nakujibu hapa. Anza, usisubiri.

mfamasia_mwandamizi

Chukua damu ya kuotesha kwanza kama chupa zipo, dakika tano tu, kisha dawa. Ertapenemu gramu 1 mara moja kwa siku. Uchujaji wake uko juu ya 30, kwa hiyo dozi haipunguzwi. Ukishuka hadi 30 au chini yake inakuwa miligramu 500.

Iyeyushe kwa mililita 10 za maji ya sindano au nomo salaini, tikisa hadi iwe angavu, kisha iingize kwenye nomo salaini mililita 50 na uidondoshe kwa dakika 30. Usitumie dekstrosi, inaiharibu dawa. Mshipa ukikosekana inachomwa kwenye msuli: iyeyushe kwa mililita 3.2 za lidokeini asilimia 1 isiyo na adrenalini, choma ndani kabisa kwenye msuli mkubwa. Hiyo ya msuli isiingie kwenye mshipa kamwe. Muulize kama aliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa penisilini, na kama anameza valproeti ya kifafa, maana karbapenemu inaishusha valproeti kwenye damu hadi degedege linarudi.

figo_na_maji

Na uwe na mstari wa kumhamisha. Presha ya juu ikishuka chini ya 90, akianza kuchanganyikiwa, au mkojo ukipungua, hapo si mgonjwa wa kituo tena na ertapenemu si dawa yake. Anahitaji meropenemu, na siku mbili za kwanza mimi sipunguzi dozi kwa sababu ya figo.

Dr_Mwamba

Sasa tumekutana, karbapenemu. Nakubali nilikimbilia mapema, jana ugonjwa ulikuwa wa kibofu. Ila kwa vitendo: siku ya tatu homa ikishuka, mwachie aende na nitrofurantoini amalizie nyumbani, chupa zibaki kwa wengine.

mfamasia_mwandamizi

Hapana daktari, hapo ndipo wengi wanapoangukia. Homa kushuka siku ya tatu hakumaanishi figo imepona. Ukimhamishia nitrofurantoini, kibofu kitakuwa kisafi na figo itabaki na bakteria, mkojo wa kipimo utaonekana mzuri na wiki ya pili anarudi na homa. Angekuwa na sipro au septrini yenye S, hapo ndiyo tungemhamishia vidonge. Hana. Kwa hiyo ertapenemu hadi mwisho. Uzuri wake ni mara moja kwa siku, akitulia anaweza kulala kwake na kuja asubuhi kuchomwa.

Dr_Mwamba

Siku ngapi? Mimi kwa mwenye kisukari sishuki chini ya 14.

mfamasia_mwandamizi

Siku 7, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya dawa inayomuua bakteria huyu. Seftriaksoni ya mtaani haimo kwenye hesabu.

figo_na_maji

Saba kama homa imeshuka ndani ya saa 72 na hakuna kizuizi kwenye njia ya mkojo. Kisukari peke yake hakinifanyi niongeze. Isiposhuka, usiongeze siku wala usibadilishe dawa kwanza, mfanyie ultrasaundi: tunatafuta jiwe, figo iliyovimba, au jipu.

Dr_Mwamba

Nimeona wagonjwa wa kisukari wakirudi baada ya siku 7. Nitabaki na msimamo wangu kwa hilo hadi nione wa kwenu wanaendeleaje.

mama_maabara

Ertapenemu: S, milimita 27. Haiko mpakani, endelea nayo.

tabibu_kisiwani

Leo ni siku ya tatu. Homa 37.1 tangu jana jioni, anakula, kiuno bado kinauma kidogo. Damu iliyooteshwa haijaota kitu kwa saa 48. Kreatinini 109. Ultrasaundi tumeifanya hata hivyo kwa kuwa mtaalamu alikuwa kituoni: figo hazijavimba, hakuna jiwe, ila baada ya kukojoa kibofu kilibaki na mililita 180.

Swali la mwisho, nirudie kalcha akimaliza dawa?

mama_maabara

Akiwa hana dalili, usirudie. Ukirudia na wakaota, utamtibu karatasi.

figo_na_maji

Hizo mililita 180 ndizo zinazoeleza kwa nini alipata. Neva za kibofu nazo zimeguswa na kisukari, kama za miguu, kwa hiyo hakimaliziki na mkojo uliobaki ni bwawa la bakteria. Mwelekeze akojoe kwa saa, kila baada ya saa tatu au nne hata kama hajabanwa, akimaliza asubiri dakika mbili bila kuinuka, kisha akojoe tena. Angalia kama anameza amitriptilini kwa ajili ya miguu kuwaka, maana inazidi kukilegeza kibofu. Pima tena mkojo unaobaki baada ya wiki nne.

tabibu_kisiwani

Anameza amitriptilini miligramu 25 kila usiku, alipewa kliniki ya kisukari. Nawaandikia kliniki leo.